Kulipa Mkopo Kabla ya Muda: Barua ya Afisa Mikopo kwa Mteja na Hesabu Iliyomo

Mkopaji anayepata fedha za ziada katikati ya mkopo, iwe malimbikizo ya mshahara, mauzo ya mazao au kiinua mgongo, ana haki ya kuuliza kwa maandishi ni kiasi gani cha riba atakachookoa endapo atazipeleka benki kupunguza deni. Jibu hutolewa na afisa mikopo kwa barua. Barua hiyo ikiandikwa vizuri humwonesha mteja jambo ambalo mkataba wenyewe hauelezi kwa lugha nyepesi: riba huhesabiwa kila mwezi upya kutokana na deni lililobaki, na kiasi kinachookolewa hutegemea tarehe ya malipo pamoja na maelekezo ambayo mteja ameyatoa siku ya kulipa.

Makala hii inaeleza barua ya namna hiyo kwa kutumia mfano mmoja. Mkopaji ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa muda wa miezi 60. Rejesho lake ni shilingi 253,934 kila mwezi na hukatwa kwenye mshahara. Amekwisha kulipa marejesho 24 bila kuchelewa. Sasa amepokea malimbikizo ya shilingi 2,000,000 na anataka kujua azifanyie nini. Bima ya mkopo na ada ya maombi hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa kwa kawaida hulipwa mwanzoni.

Miaka miwili ya malipo imeenda wapi

Swali la kwanza la mwalimu kwa benki lilikuwa na manung'uniko ndani yake. Amelipa zaidi ya shilingi milioni sita katika miaka miwili, lakini taarifa ya mkopo inaonesha bado anadaiwa milioni saba na ushei. Wakopaji wengi hushtuka hapo na kudhani wameibiwa. Barua ya afisa mikopo inaanza na jambo hilo:

"YAH: FAIDA YA KULIPA SEHEMU YA MKOPO KABLA YA MUDA

Ndugu Mwalimu,

Rejea barua yako ya kuomba ufafanuzi kuhusu jambo tajwa hapo juu.

Tangu mkopo uanze umelipa jumla ya shilingi 6,094,000. Kati ya fedha hizo, shilingi 3,118,000 zilikuwa riba na shilingi 2,976,000 zilipunguza deni la msingi. Hivyo deni lako la msingi leo ni shilingi 7,024,000.

Sababu ni hii. Kila mwezi benki huzidisha deni lililobaki kwa asilimia 1.5, na matokeo yake ndiyo riba ya mwezi huo. Mwezi wa kwanza ulikuwa unadaiwa milioni 10, hivyo riba ilikuwa shilingi 150,000. Katika rejesho lako la shilingi 253,934, zilizobaki kupunguza deni zilikuwa shilingi 103,934 tu. Mwezi wa pili deni lilikuwa dogo kidogo, riba nayo ikapungua kidogo, na sehemu inayopunguza deni ikaongezeka. Rejesho halibadiliki, lakini mgawanyo wake ndani hubadilika kila mwezi. Katika rejesho lako lijalo, la 25, riba itakuwa shilingi 105,360 na deni litapungua kwa shilingi 148,574."

Mgawanyo huu ndio kiini cha jambo zima. Katika mwaka wa kwanza wa mkopo huu, mwalimu alilipa jumla ya shilingi 3,047,000, na zaidi ya nusu yake, shilingi 1,692,000, ilikuwa riba. Katika mwaka wa tano atalipa kiasi kilekile cha shilingi 3,047,000, lakini riba ndani yake itakuwa shilingi 277,000 pekee. Riba kubwa hulipwa mwanzoni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba deni ni kubwa mwanzoni. Hakuna hila katika hesabu hiyo.

Shilingi milioni mbili zinavyofanya kazi

Barua inaendelea kueleza kinachotokea fedha za ziada zinapoingia:

"Ukilipa shilingi 2,000,000 leo na zikaingizwa kupunguza deni la msingi, deni litashuka kutoka shilingi 7,024,000 hadi shilingi 5,024,000. Riba ya mwezi ujao itakuwa shilingi 75,360 badala ya shilingi 105,360. Tofauti ni shilingi 30,000, ambayo ni asilimia 1.5 ya fedha ulizolipa.

Kwa kuwa utaendelea kulipa rejesho lilelile la shilingi 253,934, hizo shilingi 30,000 ambazo hazikwenda kwenye riba zitapunguza deni. Mwezi unaofuata utaokoa shilingi 30,450, kwa sababu sasa deni limepungua kwa shilingi 2,030,000 kuliko ambavyo lingekuwa. Itaendelea hivyo mwezi hadi mwezi hadi deni liishe."

Mwisho wa hesabu hiyo, mwalimu atabakiwa na marejesho 23 kamili na rejesho moja la mwisho la shilingi 165,000 hivi, badala ya marejesho 36 yaliyokuwa mbele yake. Mkopo utaisha mwaka mzima kabla ya tarehe ya mkataba. Riba iliyokuwa imebaki kulipwa, shilingi 2,118,000, itashuka hadi shilingi 981,000. Kwa kutoa shilingi milioni mbili leo anaokoa shilingi 1,136,000 za riba.

Tarehe ya malipo ina uzito mkubwa. Kama mwalimu huyo angezipata fedha hizohizo na kuzilipa baada ya rejesho la sita tu, angeokoa shilingi 1,995,000 na kumaliza mkopo katika mwezi wa 45. Kwa upande mwingine, mkopaji anayesubiri hadi umebaki mwaka mmoja ndipo alipe deni lote hapati faida ya namna hiyo. Wakati huo deni la mkopo huu ni shilingi 2,770,000 na riba yote iliyobaki ni zile shilingi 277,000, hivyo hata akilipa lote siku hiyo hawezi kuokoa zaidi ya hapo. Kukaa na fedha kwenye akaunti kwa miezi miwili huku akitafakari nako kuna gharama: kwa milioni mbili, ni shilingi 60,000 za riba ambazo zingeweza kuepukwa.

Chaguo moja kwenye fomu

Sehemu ya barua inayostahili kusomwa mara mbili ni hii:

"Katika fomu ya kulipa sehemu ya mkopo utaulizwa kama unataka kupunguza muda wa mkopo au kupunguza kiasi cha rejesho. Tafadhali usisaini kabla ya kuelewa tofauti yake. Ukipunguza muda, utaendelea kulipa shilingi 253,934 na utamaliza baada ya miezi 24; utaokoa shilingi 1,136,000. Ukipunguza rejesho, utalipa shilingi 181,630 kwa mwezi kwa miezi yote 36 iliyobaki. Utaokoa shilingi 603,000."

Fedha zilizolipwa ni zilezile na tarehe ni ileile, lakini tofauti kati ya machaguo hayo mawili ni shilingi 533,000, zaidi ya marejesho mawili ya mwalimu huyu. Inatokana na kwamba rejesho likipunguzwa, zile shilingi 30,000 zilizookolewa kwenye riba hazirudi tena kupunguza deni. Hubaki mfukoni mwa mkopaji pamoja na sehemu ya deni la msingi ambayo angekuwa ameilipa mwezi huo, na deni hubaki hai kwa mwaka mmoja zaidi likizaa riba.

Hii haina maana kwamba kupunguza rejesho ni kosa. Familia yenye ada za shule zinazoongezeka au mgonjwa nyumbani inaweza kuhitaji nafuu ya shilingi 72,000 kila mwezi kuliko inavyohitaji kuokoa nusu milioni ndani ya miaka mitatu, na afisa mikopo mwaminifu atalisema hilo. Tatizo ni pale chaguo linapofanywa na mtu mwingine. Ikiwa mteja hakuandika chochote, benki itafuata utaratibu wake wa kawaida, na katika baadhi ya taasisi utaratibu huo ni kupunguza rejesho. Kwa mtumishi wa umma, ambaye makato yake hayapaswi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara, rejesho dogo pia hufungua nafasi ya kukopa tena. Nafasi hiyo ikitumiwa kuchukua mkopo wa nyongeza, muda huanza kuhesabiwa upya na riba iliyookolewa huliwa na mkopo mpya.

Namna ya kutambua kama fedha zimeingia mahali pake

Kuna kosa la tatu ambalo hutokea mara kwa mara kuliko wakopaji wanavyodhani, na halihitaji nia mbaya ya mtu yeyote. Mteja huweka fedha kwenye akaunti yake, huamini amelipa mkopo, na kuondoka. Mfumo wa benki, usipopewa maelekezo, huzichukulia fedha hizo kuwa ni marejesho ya miezi ijayo yaliyolipwa mapema, au huziacha tu kwenye akaunti na kuzikata kidogo kidogo kila mwezi. Kwa mwalimu wa mfano huu, shilingi milioni mbili zingetosha marejesho saba na zaidi. Angeambiwa kwamba hadaiwi kwa miezi saba, naye angefurahi, lakini deni la msingi lingekuwa linashuka kwa ratiba ileile ya zamani na riba yote ya shilingi 2,118,000 ingebaki palepale.

Kipimo chake ni rahisi na kila mkopaji anaweza kukifanya. Baada ya malipo, aombe taarifa ya mkopo na kuangalia namba mbili. Ya kwanza ni deni la msingi: kwa mfano huu lazima lisomeke shilingi 5,024,000 au karibu na hapo. Ya pili ni riba ya mwezi unaofuata, ambayo inapaswa kuwa shilingi 75,360. Ikiwa taarifa bado inaonesha riba ya shilingi 105,360, basi fedha hazikupunguza deni, hata kama stakabadhi ya benki inasema zimepokelewa. Ili kuzuia hali hiyo, malipo yaambatane na barua fupi yenye namba ya mkopo, kiasi, maneno "kupunguza deni la msingi" na chaguo la muda au rejesho, na mteja abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa tawi.

Tofauti ndogo haipaswi kumtia mtu wasiwasi. Benki nyingi huhesabu riba kwa siku, hivyo malipo yaliyofanyika siku kadhaa baada ya tarehe ya rejesho hubeba riba ya siku hizo. Kwa deni la shilingi 7,024,000 riba ya siku moja ni takribani shilingi 3,460. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kumaliza mkopo wote huandikiwa kiasi cha kumaliza deni chenye tarehe ya mwisho ya kutumika. Akichelewa siku kumi, kiasi hicho hakitoshi tena na mkopo hubaki wazi kwa salio dogo linaloendelea kuzaa riba.

Ada ya kulipa mapema

Baadhi ya mikataba hutoza ada kwa anayelipa kabla ya muda, kwa kuwa mkopeshaji hupoteza riba aliyoitarajia. Ada hiyo hutajwa kwenye mkataba, aghalabu kama asilimia ya kiasi kinacholipwa mapema au ya deni lililobaki, na tofauti kati ya misingi hiyo miwili si ndogo. Kama mkataba wa mwalimu ungekuwa na ada ya asilimia 2 ya fedha zinazolipwa, angetozwa shilingi 40,000 na bado angeokoa shilingi 1,096,000. Kama asilimia hiyohiyo ingetozwa kwenye deni lote la shilingi 7,024,000, ada ingekuwa shilingi 140,000. Hata hapo faida inabaki kubwa. Lakini kwa mkopaji aliyebakiza miezi michache, ada inaweza kumeza sehemu kubwa ya riba anayotaka kuiokoa, na ni vyema ahesabu kabla ya kwenda benki.

Mkopo ambao hesabu hii haiufai

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu mkopo ambao riba yake huhesabiwa kwenye salio linalopungua. Ipo mikopo, hasa ya muda mfupi na ya wakopeshaji wadogo, ambayo riba yake huhesabiwa mara moja kwenye kiasi kilichokopwa mwanzoni na kugawanywa sawasawa katika marejesho yote. Milioni 10 kwa asilimia 10.5 kwa mwaka kwa njia hiyo, kwa miaka mitano, huleta riba ya shilingi 5,250,000 na rejesho la shilingi 254,167. Msomaji ataona kuwa rejesho hilo ni karibu sawa na la mwalimu anayetozwa asilimia 18 kwenye salio linalopungua. Asilimia 10.5 inayotangazwa na asilimia 18 inayotangazwa zinaweza kuwa gharama moja, ikiwa mikopo yote miwili italipwa hadi mwisho.

Mambo hubadilika pale mkopaji anapotaka kulipa mapema. Katika mkopo wa riba iliyopangwa mwanzoni, mkataba unaweza kusema kwamba riba yote inadaiwa hata kama mkopo umelipwa katikati. Mkopaji wa namna hiyo akilipa milioni mbili kabla ya muda haokoi kitu, na fedha zake zingemfaa zaidi kwenye deni jingine lenye riba kubwa au kama akiba ya dharura. Mikataba mingine hutoa msamaha wa riba ya miezi ambayo haijafika. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kusaini, na la kujibiwa kwa maandishi, ni moja: nikilipa mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa au nailipa?

Kwa huduma za kibenki zinazofuata misingi ya Kiislamu, hesabu ni ya namna nyingine. Katika mauzo ya murabaha mteja hadaiwi riba bali bei ya kitu iliyokubaliwa tangu awali, na punguzo kwa anayelipa mapema hutegemea ridhaa ya benki au masharti yaliyoandikwa.

Baada ya kulipa

Mwalimu aliyechagua kupunguza muda hana budi kufuatilia makato ya mshahara karibu na tarehe mpya ya mwisho. Mwajiri hukata kwa kufuata taarifa aliyonayo, na asipopewa taarifa ya mabadiliko ataendelea kukata hadi mwezi wa 60. Rejesho la mwisho la mkopo huu ni shilingi 165,000 hivi, hivyo mwezi huo kutakuwa na takribani shilingi 89,000 zilizokatwa zaidi, ambazo ni za mteja na zinapaswa kurejeshwa. Deni likiisha, benki hutoa barua ya kuthibitisha kumalizika kwa mkopo. Barua hiyo ipelekwe kwa mwajiri kusimamisha makato, na kama kulikuwa na dhamana, mteja adai kurejeshewa hati yake na kuondolewa kwa zuio lililosajiliwa juu yake.

Afisa mikopo wa mfano huu anahitimisha barua yake kwa maneno haya:

"Nimeambatisha ratiba mbili za marejesho, moja ya kupunguza muda na nyingine ya kupunguza rejesho, ili uzilinganishe nyumbani. Ukiamua, tafadhali fika tawini na barua yako kabla ya tarehe ya rejesho lijalo ili riba ya mwezi huo ihesabiwe kwenye deni jipya. Ukiona taarifa ya mkopo haioneshi mabadiliko ndani ya mwezi mmoja, niandikie.

Afisa Mikopo
Kwa niaba ya Meneja wa Tawi"

Mteja ambaye taarifa yake haikurekebishwa, au aliyetozwa ada isiyomo kwenye mkataba, anapaswa kuwasilisha malalamiko kwanza kwa taasisi iliyomkopesha, kwa maandishi, akiambatisha nakala ya mkataba, stakabadhi ya malipo na barua yake yenye muhuri. Asiporidhika na majibu, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la kushughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na nyaraka hizohizo tatu ndizo zitakazohitajika huko.